Vipeperushi 500 au 1,000?

"Malindi hapa nimeambiwa vipeperushi 500 vya A5 ni 7,500, na 1,000 ni 10,000. Mbona 500 za pili ni rahisi hivyo? Nataka na kadi 100."

Dadangu, hiyo ni bei ya ofseti, mashine kubwa inayochapa kwa pleti, yaani bamba lenye picha ya kazi yako. Pleti na kutayarisha mashine hulipwa mara moja tu. Piga hesabu: 500 za pili zimeongeza 2,500, yaani shilingi 5 kila kimoja. Basi katika zile 7,500, elfu 5 ni za matayarisho. Ungetaka 200 kwa mashine hiyohiyo ungelipa kama 6,000, shilingi 30 kimoja! Idadi ndogo hivyo ipeleke dijitali, inayochapa moja kwa moja toka kompyuta bila pleti. Huko wanahesabu karatasi, na A3 moja hutoa A5 nne, kwa hiyo 200 ni karatasi 50. Uliza bei ya karatasi moja, pande mbili, pamoja na kukata.

Kaka aliyekujibu kabla yangu anasema uchukue karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita mraba, ipendeze. Kwa kadi, sawa. Kwa kipeperushi cha kugawa sokoni, 130 yatosha. Karatasi nzito ukiikunja bila kupigwa mstari wa mkunjo, wino hupasuka.

Kadi 100 ni dijitali tu. Ukiweka leminesheni ya mati, yaani plastiki nyembamba isiyong'aa, iwe pande zote mbili. Mimi niliweka upande mmoja kubana pesa, na kwa unyevu wa pwani kadi zikajikunja kama maganda ya ndizi.