Maji ya tangi na kasi mbili: jinsi ya kupata kiasi kilichomo

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Tudor hawashindwi na intigrali yenyewe. Wanaitafuta vizuri, wanaweka mipaka, wanapata jibu. Kisha wanaandika jibu hilo mbele ya swali ambalo halikuulizwa. Ndipo alama zinapopotea, hasa kwenye maswali ya tangi lenye maji yanayoingia na kutoka kwa wakati mmoja. Kwa hivyo ushauri wangu wa leo ni wa aina hiyo moja ya swali, na nitalifanya hadi mwisho kwa namba.

Kanuni ya badiliko halisi inasema hivi: ukijua kasi ya kitu kubadilika, ukaitafutia intigrali kuanzia wakati a hadi wakati b, unapata tofauti kati ya kiasi cha mwisho na kiasi cha mwanzo. Unapata tofauti tu. Kiasi chenyewe hukipati mpaka ujumlishe na kile kilichokuwapo mwanzo. Kwa tangi, kasi ya maji kubadilika ni kasi ya kuingia kutoa kasi ya kutoka:

```
V(b) = V(a) + ∫[a,b] (R(t) − D(t)) dt
```

R ni kasi ya kuingia, D ni kasi ya kutoka, zote kwa lita kwa saa. V ni lita zilizomo tangini.

Sasa tuchukue tangi ambalo mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Ni tangi la lita 5,000 lililo juu ya stendi, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa. Maji ya mji huja kwa zamu, na zamu ya mtaa huu ni usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tuhesabu t kwa saa kuanzia saa nne usiku, yaani t inatoka 0 hadi 8. Mwanzoni presha ni nzuri, kisha inapungua kadiri usiku unavyokwenda, hadi asubuhi bomba limekauka. Matumizi nayo yanakwenda kinyume: usiku ni machache, lakini kunapokaribia alfajiri watu wanaamka, wengine wanatawadha, wengine wanaoga waende kazini, na bomba za ndani zinafunguliwa. Tuseme:

```
R(t) = 1200 − 150t
D(t) = 120 + 5t²
V(0) = 1500
```

Kabla ya kushika kalamu, mimi huwaambia wanafunzi wasome swali wajiulize ni lipi kati ya mambo matatu linalotakiwa. La kwanza ni jumla ya maji yaliyoingia. Hapo intigrali ni ya R peke yake, na D haihusiki kabisa. Kutoka 0 hadi 8 unapata 1200(8) − 75(64), yaani lita 4,800. La pili ni badiliko la maji tangini usiku mzima. Hapo ndipo unapoichukua tofauti ya kasi:

```
R(t) − D(t) = 1080 − 150t − 5t²
∫[0,8] = 8640 − 4800 − 853.33 = 2986.67
```

La tatu ni kiasi kilichomo saa kumi na mbili asubuhi. Ni 1500 + 2986.67, takribani lita 4,487. Namba hizi tatu, 4,800 na 2,987 na 4,487, zote ni sahihi, na kila moja ni jibu la swali lake. Mwangalizi wa nyumba mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mita inaonyesha uniti karibu tano zimeingia usiku. Mbona tangi halijajaa?" Nikamwambia, "Mzee, mita inahesabu yanayoingia tu. Waliotumia usiku na alfajiri haiwajui." Uniti moja ya mita ya maji ni lita 1,000, kwa hivyo alichokuwa akikisoma ni intigrali ya R, naye alitaka V.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayotenganisha mwanafunzi aliyeelewa na aliyekariri. Swali ni hili: tangi linakuwa na maji mengi zaidi saa ngapi?

Wengi hukimbilia saa nne usiku, kwa sababu hapo ndipo bomba linapotoa kwa nguvu zaidi, lita 1,200 kwa saa. Wengine husema saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu maji yamekuwa yakiingia usiku kucha. Yote mawili si kweli. Presha ikipungua, maji tangini hayapungui. Yanaendelea kupanda, ila polepole zaidi. Ilimradi yanayoingia yanazidi yanayotoka, hata kwa lita moja kwa saa, kiwango cha maji kinapanda. Kinaanza kushuka pale tu yanayotoka yanapoyazidi yanayoingia. Kwa hivyo tunatafuta pale R inapolingana na D:

```
1200 − 150t = 120 + 5t²
t² + 30t − 216 = 0
(t − 6)(t + 36) = 0
```

t = 6, yaani saa kumi alfajiri. Wakati huo yanaingia lita 300 kwa saa na yanatoka 300 kwa saa. Kabla ya hapo tofauti ni chanya, baada ya hapo ni hasi, kwa hivyo kilele ni hapo. Intigrali kutoka 0 hadi 6 ni 6480 − 2700 − 360 = 3420, na kilichomo ni 1500 + 3420 = lita 4,920. Linganisha na mwanzo, 1,500, na mwisho, 4,487. Watahini hupenda kuuona ulinganisho huo umeandikwa, kwa sababu kiasi kikubwa kabisa kinaweza kutokea kwenye ncha za muda vilevile. Uandike hata kama jibu linaonekana wazi.

Angalia pia kwamba kati ya saa kumi na saa kumi na mbili bomba lilikuwa bado linatoa maji, na bado tangi lilipungua kwa lita 433. Ukipanda stendi saa kumi na moja na nusu ukasikia maji yakidondoka tangini, usidhani linajaa.

Kuna kikomo ambacho vitabu vingi hukipita kimya, nacho kipo kwenye kila tangi la plastiki mjini. Tangi lina ukubwa wake. Tuseme usiku huo ulianza na lita 2,000 badala ya 1,500. Ukifuata hesabu bila kufikiri, saa kumi alfajiri utapata 2000 + 3420 = 5,420, na tangi ni la lita 5,000. Namba hiyo inakuambia kwamba kasi uliyopewa imeacha kuwa ya kweli njiani. Ukijaribu t = 4 utapata V = 5,013, kwa hivyo tangi linajaa dakika chache kabla ya saa nane usiku. Kuanzia hapo boya limepanda limefunga, na maji yanaingia kwa kasi ileile yanayotoka tu, basi V inabaki 5,000. Hali hiyo inaendelea hadi t = 6, pale bomba linaposhindwa kufikia matumizi. Hapo unaanza hesabu upya, ukiwa na lita 5,000 mkononi:

```
V(8) = 5000 + ∫[6,8] (1080 − 150t − 5t²) dt
     = 5000 − 433.33 = 4566.67
```

Aliyefanya intigrali moja kutoka 0 hadi 8 na kujumlisha na 2,000 atapata 4,987. Jibu hilo ni la hatari kwa sababu ni chini ya 5,000, kwa hivyo halionyeshi dalili yoyote ya kosa. Amezidisha lita 420, na ni zile zile 420 zilizopita ukubwa wa tangi kwenye kilele. Ndiyo maana nasisitiza: ukipewa ukubwa wa tangi, kagua kilele kwanza, hata kama swali linauliza kiasi cha mwisho peke yake.

Hesabu hiyohiyo inaweza kukuonyesha kama boya ni zima. Boya likifunga vizuri, mita ya usiku huo itaonyesha zimeingia 4800 − 420 = lita 4,380. Boya likiwa limekwama wazi, mita itaonyesha 4,800 kamili, na lita 420 zimemwagika ukutani, yaani mitungi 21 ya lita 20. Asubuhi tangi litakuwa na 4,567 kwa vyovyote vile. Kulichungulia hakutakuambia kitu. Mita ndiyo itakayosema.

Na kama huna fomula? Katika maisha ya kawaida huna. Bomba linaloleta maji ya chemchemi ya Mzima kwa zaidi ya kilomita 200 halikuletei mlinganyo. Unachoweza kupata ni kasi kwa vipindi: kila baada ya saa mbili unapima yanayoingia kwa ndoo na saa, na unakadiria yanayotoka. Kwa tangi letu, tofauti za kasi zingekuwa hivi:

```
t:      0     2    4   6    8
R − D:  1080  760  400 0  −440
```

Kanuni ya trapeziamu, ileile ya kidato cha nne, inatoa 2 × (540 + 760 + 400 + 0 − 220) = lita 2,960. Jibu kamili lilikuwa 2,987. Umekosea kwa lita 27, mtungi mmoja na kidogo, kwa vipimo vitano tu vya usiku mzima. Tena unajua umekosea upande gani. Mchoro wa R − D umepinda ukiangalia chini, kwa hivyo mistari iliyonyooka ya trapeziamu inapita chini yake na jibu linapungua kidogo. Usiiondoe alama ya hasi kwenye −440 ukidhani eneo lazima liwe chanya. Ukiiandika 440, utapata 3,840, na utakuwa umeyahesabu maji waliyooga wapangaji alfajiri kana kwamba wameyarudisha tangini.