Mshale umwelekee mlaji: ninavyosahihisha michoro ya mtandao wa chakula

Kwa miaka kadhaa nilisahihisha michoro hii kwa haraka. Mshale ukielekea kwa mlaji naweka tiki, ukielekea kwa anayeliwa naweka mkasi, kisha najumlisha. Siku moja mwanafunzi aliniletea daftari lake lenye sifuri kwa mishale saba, akaweka kidole kwenye mchoro na kuniuliza, "Mwalimu, kwani mwewe hamli nyoka?" Anamla. Mtoto yule alijua vizuri nani anamla nani katika uhusiano wote saba, ila mishale yake yote ilikuwa imegeuka. Nilikuwa nimempiga mara saba kwa kosa moja.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyosoma michoro hii, na ningependa walimu wenzangu mnaosahihisha marundo ya madaftari mjaribu.

Tuanze na chanzo cha kosa. Mshale katika mnyororo wa chakula unaonyesha nishati inakokwenda: inatoka kwenye mwili wa kinacholiwa na kuingia kwenye mwili wa mlaji. Lakini tukizungumza tunamtanguliza mlaji. Tunasema "panzi hula nyasi". Mtoto anaandika sentensi hiyohiyo kwa picha: anaanza na panzi, anavuta mstari, anaweka kichwa cha mshale kwenye nyasi. Kwake mshale umechukua nafasi ya neno "hula". Sisi tunataka uchukue nafasi ya "huliwa na". Tofauti ni viungo vidogo tu vya maneno, lakini vinageuza mchoro mzima.

Sasa chukua mtandao huu ninaoupenda kwa zoezi: nyasi, panzi, panya, chura, nyoka na mwewe. Nyasi huliwa na panzi na panya. Panzi huliwa na chura. Chura huliwa na nyoka. Panya huliwa na nyoka, na pia na mwewe. Nyoka huliwa na mwewe. Jumla mishale saba.

Siufuati mshale mmoja mmoja tena. Naangalia kila kiumbe na kuhesabu vichwa vya mishale vinavyomgusa, kwa sababu idadi hiyo ni idadi ya vyakula vyake. Nyasi hazina kichwa hata kimoja, maana hazili kiumbe mwingine humu. Panzi ana kimoja, panya kimoja, chura kimoja, nyoka viwili, mwewe viwili. Macho yanaanzia kwenye nyasi. Nikikuta vichwa viwili vimezigusa nyasi na mwewe hana hata kimoja, nashuku mara moja kwamba mchoro wote umegeuzwa, na kwenye mishale ya katikati nahakikisha tu kwamba nayo imegeuka na kwamba kila mstari umeunganisha viumbe sahihi.

Kuna mambo mawili yanayobadilisha hesabu hiyo. Mwanafunzi akichora jua, nyasi zitapata kichwa kimoja kutoka kwenye jua, na ni sawa. Akichora viozeshi kama kuvu na bakteria, basi kila kiumbe, hata mwewe, atakuwa na mshale unaotoka kwake kwenda kwa viozeshi. Hapo "huliwa na" inapwaya kidogo, kwa hiyo rudi kwenye maana yenyewe: nishati inakwenda kwa nani?

Mchoro uliogeuzwa wote hausumbui sana. Unaosumbua ni ule uliochanganyika, na hapo ndipo ninapotumia muda wangu. Nakumbuka mmoja ambao mishale mitano ilikuwa sahihi na miwili imegeuka. Nilipohesabu vichwa, nyoka alikuwa na vitatu, panya viwili, na mwewe hana kitu. Kosa lote lilikuwa kwa mwewe. Ningeweza kusema mwanafunzi amebahatisha, lakini anayebahatisha hakosei upande mmoja tu. Nikamwita, nikamwambia, "Nisomee mshale huu kwa sauti." Akasoma, "Mwewe anashuka, anamkamata nyoka." Alikuwa amemchora mwewe juu kabisa ya karatasi, mabawa wazi, na mshale ulikuwa njia yake ya kurukia mawindo. Kwenye nyasi alifikiria chakula, kwenye mwewe akafikiria uwindaji. Mshale ulikuwa na maana mbili kwenye karatasi moja.

Mtoto wa namna hiyo hasaidiki kwa kuandikiwa "geuza mishale", kwa sababu atageuza na ile mitano iliyo sahihi. Nilimwambia aandike "huliwa na" kwa herufi ndogo juu ya kila mstari, kisha asome kuanzia kwenye mkia kwenda kwenye kichwa. Alipofika "mwewe huliwa na nyoka" akasita mwenyewe, akachukua kifutio.

Ipo pia mitego inayotokana na sisi walimu. Tunapenda kuweka nyasi chini na mwewe juu, au mnyororo unaoanza kushoto na nyasi. Darasa zima likizoea hivyo, mtoto anaweza kuchora mishale yote ikipanda juu na kupata alama zote bila kujua mshale unasema nini. Kwa hiyo siku hizi kwenye zoezi la pili naweka mwewe kushoto na nyasi kulia, au nyasi juu ya ukurasa, bila kutangaza. Aliyeelewa hatikisiki. Aliyekariri umbo anaonekana papo hapo, na mara nyingi ni mtoto niliyedhani nimemaliza naye.

Kuhusu alama, kwa mtandao huu natoa kumi: saba za uhusiano, yaani mistari iliyounganisha viumbe sahihi, na tatu za mwelekeo. Yule wa sifuri leo angepata saba. Mwelekeo ukigeuka wote anakosa tatu zake zote, kwa sababu kweli hajaonyesha nishati inakokwenda. Wa mwewe ningempa moja kati ya tatu, maana nusu ya wazo analo. Aliyechora mstari kutoka nyasi kwenda kwa nyoka ana kosa la uhusiano, halihusiani na mwelekeo, na nalikata kwenye zile saba. Mstari usio na kichwa, au wenye vichwa pande zote mbili, simpi alama ya mwelekeo, hata kama najua alichokusudia.

Hii ni kwa mazoezi ya darasani. Kwenye mtihani wenye mwongozo wake wa kusahihisha, fuata mwongozo, kwani ukisema mshale uliogeuzwa haupati kitu, hautapata kitu. Ndiyo sababu nawaambia mapema wanafunzi wangu kwamba huko hakuna atakayewauliza walikusudia nini.

Jambo la mwisho ni dogo ila linaokoa ugomvi mwingi. Kichwa cha mshale kiguse jina la mlaji. Watoto wengi huweka kichwa katikati ya mstari, na mistari ikipishana huwezi kujua kipi ni cha nani. Nawataka wachore mstari kwanza, wasome sentensi yake, na ndipo waweke kichwa, mwisho kabisa, pale mdomo wa mlaji unapopokea chakula.