Kumrudia mzee aliyekufundisha kazi baada ya kimya cha miaka

"Wakuu, fundi aliyenifundisha kazi sijamtafuta mwaka wa 5 huu. Sasa nimekwama kitu kidogo cha kikazi ambacho yeye anakiweza. Namwanzaje bila kuonekana nimemkumbuka kwa shida?"

Mkuu, utaonekana tu, usihangaike kuficha. Mimi nilificha nikaharibu.

Nasuka mota. Mzee wangu alinifundisha miaka 3, nikatoka kufungua banda langu, tukapotezana miaka 6. Siku moja nikaletewa mota ya pampu ya fezi tatu imeungua, na fundi aliyeisuka kabla yangu sikumwelewa. Nikamwandikia mzee: "Shikamoo, za siku nyingi?" Akajibu "Marahaba." Nikauliza afya, familia, hadi mvua. Akanyamaza. Namba ngeni, salamu ndefu, hoja haionekani: kwa mtu wa umri wake hicho ni kizinga, au kadi ya mchango wa harusi iko njiani.

Baada ya wiki nikaandika upya:

"Shikamoo mzee. Ni Juma, yule uliyemkataza kukata waya kwa meno. Nimekaa kimya miaka 6, kosa ni langu. Nina swali moja la mota: sloti 36, poli 4. Aliyetangulia alipitisha koili sloti ya 1 hadi ya 8, mimi nilizoea 1 hadi 9. Nifuate yake au yangu? Naanza kusuka Jumamosi. Ukiwa na nafasi, sauti fupi inatosha. Ukikosa, nitafuata yake."

Jina peke yake lisingetosha, Juma tuko wengi, ndiyo maana niliweka meno. Radhi niliiacha sentensi moja kwa sababu ukilia sana unampa mzee kazi ya kukubembeleza. Na swali ni la kujibiwa mtu amejilaza kitandani. Ningemwambia "naomba ushauri wa mota" angelazimika kuanza kunihoji yeye. Ile sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi: hata asipojibu, kazi yangu haisimami na yeye hana deni.

Usimtumie hela ya vocha na ujumbe huo. Inakuwa kama umemlipa ajibu. Kupiga simu ghafla pia sikushauri, unamkuta sokoni au msibani.

Siku 3 kimya. Alama za kusomwa naziona, nikajizuia kuuliza "mzee umeiona?" Ijumaa usiku ikaja sauti, hata dakika haifiki: zote mbili zinakubali, ila ukipanua koili kutoka 8 kwenda 9 usiache mizunguko ileile ya waya, punguza kidogo, la sivyo mota itakosa nguvu. Hilo la mizunguko sikuwa hata nimeliuliza.

Jumatatu nikamtumia video ya pampu ikivuta maji, bila ombi jingine. Akaitazama, akaandika: "Na meno yako yapo?"