Piga hesabu ya alama unayohitaji kabla ya mtihani wa mwisho

Nimekaa na wanafunzi wengi wiki za mwisho wa muhula, na swali lao karibu kila mara ni moja: "Nikipata ngapi kwenye mtihani nitafikisha B?" Jibu lipo, na mara nyingi linapatikana kwa dakika chache tu. Kinachowakwamisha hasa ni kutojua kila kazi ina uzito gani, basi wanajumlisha alama zisizojumlishika.

Chukua kozi ambayo kazi za muhula zina asilimia 40 na mtihani wa mwisho una asilimia 60. Zile 40 zimegawanywa hivi: jaribio la kwanza 15, jaribio la pili 15, zoezi la kuandika 10. Mwanafunzi amepata 18 kati ya 30 kwenye jaribio la kwanza, 22 kati ya 40 kwenye la pili, na 8 kati ya 10 kwenye zoezi. Hapa ndipo watu wanapotengana. Mmoja anajumlisha alama jinsi zilivyo, 48 kati ya 80, anapata asilimia 60, na kusema ana 24 kati ya 40. Mwingine anachukua asilimia za kazi zote tatu, yaani 60, 55 na 80, anatafuta wastani wake, anapata 65, na kusema ana 26. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza ameacha jaribio la pili liwe na nguvu zaidi kwa sababu tu lilisahihishwa kwa alama 40. Wa pili amelipatia zoezi dogo uzito sawa na jaribio.

Njia sahihi ni kugawa kila alama kwa alama ya juu ya kazi hiyo, kisha kuzidisha kwa uzito wake. Jaribio la kwanza: 18 gawa kwa 30, mara 15, ni 9. La pili: 22 gawa kwa 40, mara 15, ni 8.25. Zoezi: 8 gawa kwa 10, mara 10, ni 8. Jumla ni 25.25 kati ya 40. Hizo ni alama ambazo tayari ziko mfukoni, na mtihani hauwezi kuzipunguza.

Sasa tuseme B inaanzia 60. Toa 25.25 kwenye 60, zinabaki 34.75, na hizo zote lazima zitoke kwenye mtihani wenye uzito wa 60. Gawa 34.75 kwa 60, unapata asilimia 57.9. Kama karatasi inasahihishwa kwa 100, lenga 58: 58 mara 0.6 ni 34.8, ukijumlisha na 25.25 unapata 60.05. Ukipata 57 unabaki na 59.45, na hata chuo kinachokadiria hadi namba nzima kitakuandikia 59. Kwa A ya 70, hesabu hiyohiyo inakupa asilimia 74.6, yaani 75 kwenye karatasi. Jibu likizidi 100, daraja hilo halifikiki tena kwa kozi hiyo, na ni afadhali ulijue mapema ili muda wako uende kwenye kozi nyingine.

Usikadirie katikati ya hesabu. Acha desimali zako hadi mwisho, maana kila alama moja ya kazi za muhula hapa ni sawa na alama 1.67 za karatasi ya mtihani. Yule aliyejihesabia 26 atadhani anahitaji 56.7 tu na atalenga 57, wakati 57 haimfikishi.

Anayependa kutumia jedwali la kompyuta aweke alama alizopata kwenye safu ya B, alama ya juu ya kila kazi kwenye C, na uzito kwenye D, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 4. Seli ya D5 iwe hivi:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4/C2:C4,D2:D4)
```

Na seli ya D6, kwa lengo la 60 na mtihani wenye uzito wa 60:

```
=(60-D5)/60*100
```

Ukibadilisha lengo, badilisha 60 ya kwanza tu. Ile ya mwisho ni uzito wa mtihani.

Kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara na linawavunja watu moyo bure. Mwalimu anabandika alama za kazi za muhula, mwanafunzi anaona 25.25, anakumbuka kwamba kazi za muhula ni asilimia 40, basi anazidisha 25.25 mara 0.4 na kupata 10.1. Ghafla anaamini anahitaji zaidi ya 83 kwenye mtihani ili apate B. Alama ile ilikuwa imeshapimwa kwa uzito wake. Angalia kichwa cha safu kama kimeandikwa "kati ya 40" au "kati ya 100". Kama hakijaandikwa, angalia alama za darasa zima: ikiwa darasa ni kubwa na hakuna hata mmoja aliyevuka 40, karibu hakika zimeshapimwa. Hata hivyo muulize mwalimu uhakikishe.

Hesabu hii unaweza kuianza mapema zaidi, kabla kazi zote hazijatoka. Kabla ya jaribio la pili, mwanafunzi wetu alikuwa na 9 na 8, jumla 17 kati ya 25. Kufika 60 alibakiwa na 43 za kutafuta ndani ya uzito wa 75 uliobaki, yaani wastani wa asilimia 57.3. Jaribio la pili akapata 55, chini kidogo ya wastani huo, ndiyo maana hitaji lake kwenye mtihani likapanda hadi 57.9. Mimi huwashauri wairudie hesabu hii kila alama mpya inapotoka. Kazi ambayo bado haijasahihishwa usiiandikie sifuri. Iache nje, na uzito wake uhesabu upande wa uliobaki.

Kisha soma kanuni za kozi yako, maana fomula haizijui. Vyuo vingi vina sharti la kiwango cha chini kwenye mtihani wenyewe. Tuseme kufaulu kozi ni 40 kwa jumla, na mtihani nao sharti ufike 40. Kwa hesabu tupu, mwanafunzi wetu angehitaji 25 tu kwenye karatasi. Akipata 30, jumla yake ni 43.25, inaonekana amefaulu, lakini kwa sharti lile anarudia mtihani. Kwa hiyo lengo lako halisi ni namba kubwa kati ya mbili: ile ya fomula na ile ya sharti. Angalia pia kama majaribio yako ni matatu na yanachukuliwa mawili bora, kwa sababu hapo lililo dogo unaliondoa kabla hujaanza kuzidisha.

Ukishaipata namba yako, ipeleke kwenye muundo wa karatasi. Kama ina maswali matano ya lazima yenye alama 20 kila moja, 58 ni wastani wa 11.6 kwa swali. Ukiacha swali moja tupu, manne yaliyobaki yanadai wastani wa 14.5 kila moja. Kwa anayetafuta 75 ni 15 kwa swali, na akiacha moja tupu inakuwa 18.75 kati ya 20. Mada uliyopanga kuiruka ipimie kwa namba hizo kabla hujaifunga.