Kiti 12A: dirishani ndiyo, mbele sijui

"Tiketi inasema behewa 5, kiti 12A. Ni dirishani? Nitakaa nikitazama mbele?"

Dirishani, ndiyo. Kwa kawaida herufi A na ile ya mwisho hukaa ukutani, za kati hupakana na njia. Kutazama mbele ni suala jingine, maana treni ikiingia stesheni ambayo reli inaishia hapo, hutoka ilikoingilia, na wa mbele anageuka wa nyuma. Niliwahi kumbembeleza abiria tubadilishane. Nusu saa baadaye treni ikageuza. Nilinyamaza tu.

Kukiwa na msongamano, soma namba ya behewa ubavuni, karibu na mlango, kabla hujapanda. Ndani, tazama ukingo wa rafu ya mizigo: ukikuta 15, kisha 16, unakiacha kiti chako nyuma.