Chumvi kwenye mayai ya kuvuruga: itiwe lini?

Nikitia chumvi kabla ya kupika, mayai si yatatoa maji na kuwa magumu?

La, mara nyingi huwa kinyume chake. Protini za yai zikipata moto hukunjuka, kisha hushikana. Zikishikana kwa nguvu mno, hukamua maji yaliyo kati yao, na hayo ndiyo yale maji unayoyaona sahanini chini ya mayai magumu. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupunguza nguvu za umeme zinazozivuta protini pamoja, hivyo zinashikana kwa ulegevu na maji hubaki ndani. Chumvi ya kunyunyiza juu ya mayai yaliyoiva huongeza ladha tu, kwani kukazana kumekwisha kutokea.

Mapema ni lini hasa, na niweke kiasi gani?

Kwa mayai 3 makubwa, tia robo kijiko cha chai cha chumvi laini, yaani kama gramu 1.5. (Ukiwa na chumvi ya mawe, ipime kwa mizani, maana kijiko chake hubeba chumvi kidogo zaidi.) Piga mpaka nyuzi za ute zipotee, kisha acha bakuli dakika 15. Mchanganyiko utakuwa mwepesi zaidi, na rangi yake itatoka kwenye njano hafifu na kuelekea rangi ya chungwa yenye kung'aa. Wengine huyamwaga wakidhani yameharibika; hayajaharibika, chumvi imefanya kazi yake. Koroga tena kidogo kabla ya kumimina kikaangoni. Kama huna dakika 15, tia papo hapo kabla ya kupika. Matokeo hayatafikia yale ya kusubiri, lakini bado ni afadhali kuliko mwishoni.

Nilifanya hivyo hivyo, yakatoka makavu. Kwa nini?

Moto. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi joto 62 hivi, na kiini hufuata kidogo tu baadaye. Chumvi hukupa nafasi ya kukosea kidogo, lakini haiyaokoi mayai yaliyopikwa kupita kiasi. Tumia moto mdogo, sukuma kwa mwiko bila kuacha, na epua yakiwa bado yanameremeta kwa unyevu. Joto lililobaki kikaangoni litayamalizia.

Kuna wakati wa kusubiri mpaka mwisho?

Upo, pale ambapo hujui chumvi itakayoletwa na vingine. Mathalani, gramu 30 za jibini gumu zinaweza kuleta karibu nusu gramu ya chumvi, na siagi yenye chumvi au soseji ikaongeza juu yake. Hapo nisingeacha chumvi ya mapema kabisa: tia theluthi moja ya kipimo wakati wa kupiga, pika, changanya jibini, onja, ndipo ukamilishe.

Kama mmoja wa walaji hatumii chumvi, gawa mayai katika mabakuli mawili kabla ya kupiga. Chembe kubwa za kutafuna nazo hunyunyizwa sahanini tu, kwa sababu bakulini zingeyeyuka zote.