Kurudi kazini na mtoto wa miezi mitatu, friji hakuna ofisini

"Habari zenu wadada. Likizo yangu inaisha wiki mbili zijazo, mtoto ana miezi mitatu na ananyonya tu. Nakaa Buhongwa, kazi ipo Kirumba. Natoka saa 12 na nusu asubuhi, narudi saa 12 jioni. Ofisini hakuna friji, nyumbani ipo ndogo ila umeme unakatika. Nikikamua napata kidogo sana, hata kikombe cha kahawa hakijai. Naogopa kumwanzishia kopo. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, kabla ya yote nikutoe hofu ya kujaza friji, maana hiyo ndiyo iliyonipotezea usingizi mimi. Unahitaji akiba ya siku moja tu. Maziwa utakayokamua Jumatatu ukiwa kazini ndiyo mtoto atakayokunywa Jumanne, ya Jumanne ayanywe Jumatano, na kuendelea hivyo. Mtoto wa umri huo hunywa kama mililita 30 kwa kila saa ambayo haupo. Wewe utakuwa nje kwa muda wa saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo weka 350, zigawanywe kwenye vikopo vinne vya 90 hivi.

Hizo 350 utazipata ndani ya siku hizi kumi na nne bila kujiumiza. Kila alfajiri mtoto akishanyonya, kamua titi ambalo hakulimaliza. Mimi nilipata 30, siku nyingine 40. Hicho unachokiita kidogo ni sawa kabisa, kwa sababu mtoto ndiyo kwanza ametoka kunyonya. Kigandishe sehemu ya barafu, andika tarehe kwa kalamu ya maka. Usimimine maziwa ya moto juu ya yaliyoganda. Yapoe kwanza kwenye friji.

Kuhusu kukamua, mashine niliinunua nikaishia kutumia mkono. Nesi wa kliniki ndiye aliyenionyesha. Nawa mikono kwa sabuni, shika titi kwa umbo la herufi C, kidole gumba juu na vidole vingine chini, kama sentimita tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, halafu bana, halafu achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na usivute chuchu. Ukivuta utaumia na maziwa hayatoki. Dakika ya kwanza au ya pili hupati kitu zaidi ya matone, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Endelea tu. Ghafla utasikia titi linawasha kama sindano ndogondogo na maziwa yanaruka mistari miwili mitatu. Yakipungua, zungusha mkono ubane upande mwingine, kisha hamia titi la pili, halafu rudi la kwanza. Jumla ni dakika 20 hadi 30.

Kazini nilikamua saa 4, saa 7 na saa 10. Bosi wangu wa wakati ule alinigomea mwanzoni, akasema chai ni dakika kumi na tano kwa kila mtu. Nikamwandikia barua kwa adabu nikitaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayompa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nilizigawa mara tatu. Andika barua mapema, kabla hujarudi.

Sasa joto letu la Mwanza. Maziwa ya mama hukaa saa nne nje ya friji kama chumba hakizidi nyuzi 25, na mchana wa huku chumba cha bati kinapita hapo. Usiyaache mezani. Mimi wiki ya kwanza nilijiona mjanja, nikanunua barafu ya samaki pale soko la Mwaloni nikajaza kwenye deli dogo. Kufika saa 9 barafu imeyeyuka, vikopo vinaelea, na maji yenye harufu ya sato yameingia kwenye vifuniko. Nilimwaga 200 nzima, nikalia. Tangu hapo nikawa nagandisha maji ndani ya chupa za nusu lita, tatu, nazipanga zikigusana na vikopo, kifuniko nafunga vizuri. Hata hotipoti kubwa inafaa. Barafu ikiwa bado ngumu, maziwa yanakaa mpaka saa 24. Ukifika nyumbani yaingie friji, nyuma kabisa, siyo mlangoni. Humo yanakaa siku nne. Umeme ukikatika, usifungue friji. Ubaridi unashika kama saa nne, na ukichelewa zaidi yarudishe kwenye deli na zile chupa za barafu.

Yakijitenga mafuta juu, tikisa taratibu. Yakinuka kama sabuni kidogo hayajaharibika. Yakiwa na harufu kali ya uchachu, mwaga. Kupasha ni kuweka kikopo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, siyo jikoni. Yaliyoyeyuka toka kwenye barafu yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Aliyobakiza mtoto kwenye kikombe, yakizidi saa mbili yamwagwe, hata kama roho inauma.

Wiki ya tatu ndipo nilipokaribia kushindwa. Kutoka 350 kwa siku nikashuka mpaka 200. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, hilo jua la kwenye daladala limeyachoma maziwa, mwanzishie uji." Maziwa hayaungui ndani ya titi, lakini sikumbishia; nilikaa naye tukahesabu. Kwanza, kile kipindi cha saa 10 nilikuwa nakiruka kwa sababu ya mizigo ya jioni. Titi likikaa limejaa linapunguza kutengeneza, ndivyo lilivyo. Pili, dada wa nyumbani alikuwa anampa mtoto 450 kwa chupa yenye tundu kubwa, ya mwisho saa 11 jioni. Mimi naingia saa 12, mtoto ameshiba, hataki titi, analala mpaka usiku wa manane. Kumbe tatizo lilianzia hapo nyumbani.

Tukaacha chupa, dada akajifunza kikombe kidogo: mtoto amekaa wima, kikombe kinagusa mdomo wa chini, analamba mwenyewe, hamiminiwi. Akawa anatumia 90 na kuridhika. Baada ya saa 10 na nusu hapewi kitu kikubwa. Akilia sana anapewa 30 anisubiri. Nikifika, hata viatu sijavua, ananyonya. Usiku nikamlaza karibu nami akanyonya mara tatu, na Jumapili yote alikuwa kifuani. Kukamua kwa saa 10 nako nikakurudisha. Siku ya sita nilifika 310, wiki iliyofuata 350.

Muda wote huo sikujua kwa kutazama titi kama ametosheka, maana titi likishazoea huwa laini na maziwa yamo. Nilihesabu nepi: zikilowa sita au zaidi kwa siku nzima, sawa. Na uzito kwenye kadi ya kliniki ukipanda. Nepi zikipungua, mpeleke kituo cha afya usisubiri. Hali kadhalika wewe ukipata titi jekundu, gumu, na homa. Endelea kunyonyesha na kukamua huku ukienda kutibiwa.

Siku nne kabla hujaanza, fanya siku moja ya majaribio. Toka saa 12 na nusu kweli, nenda hata kwa dada yako, kamua kwa saa zile zile na deli lako, na mwache dada wa nyumbani amlishe kwa kikombe wewe usiwepo, kwa sababu mtoto akisikia harufu yako atakataa. Akigoma mara ya kwanza, ajaribu tena baada ya nusu saa. Ukirudi utuandikie amekunywa ngapi na wewe umekamua ngapi, tutapiga hesabu pamoja.